Benki ya maswali: kuijenga kutoka kwenye slaidi pale kozi haina mitihani ya zamani

Benki ya maswali ni mkusanyiko wa maswali ya kujipima ambamo kila swali limeandikwa pamoja na jibu lake, alama zake na slaidi au ukurasa lilikotoka. Ukiyaondoa hayo matatu, unabaki na orodha ya maswali tu. Orodha inaweza kukuchosha usiku kucha bila kukuambia kama ulichojibu ni sahihi au kama kingepata alama.

Kozi iliyofundishwa miaka mingi haimpi mwanafunzi kazi hii. Anashuka Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, anaingia kwenye duka la fotokopi, anatoka na mitihani ya miaka iliyopita. Baada ya kuipitia anajua mhadhiri hupenda kuuliza nini, kwa urefu gani, na mada zipi hurudi kila mara. Kozi mpya haina hazina hiyo. Mkupuo wa kwanza wa wanafunzi una vitu viwili tu mkononi: muhtasari wa kozi na slaidi za mihadhara. Benki ya maswali ni njia ya kuvitumia hivyo viwili kukisia mtihani ambao bado haujawahi kutungwa.

Shida ni kwamba slaidi haiko tayari kuulizwa. Mhadhiri alipokuwa amesimama mbele alikuwa anajibu maswali: kwa nini iwe hivi, itakuwaje hali ikibadilika, utajuaje. Kwenye slaidi yamebaki majibu mafupi yenye nukta pembeni, maswali yenyewe yamekwenda na sauti yake. Kwa hiyo kazi ya mtunga benki ni kurudi nyuma na kutafuta swali ambalo kila nukta ilikuwa inalijibu.

Tuchukue mfano wa kozi ya uhifadhi wa mazao baada ya mavuno, na slaidi moja yenye kichwa "Ukaushaji wa mahindi". Ina nukta nne. Mahindi mara nyingi huvunwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Kwa kiwango cha Afrika Mashariki, unyevu usizidi asilimia 13.5. Unyevu unaweza kukadiriwa kwa chupa na chumvi. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu unaotoa aflatoksini, ile sumukuvu inayojulikana zaidi, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa jumla yake ni mikrogramu 10 kwa kilo.

Wanafunzi wengi wakiona slaidi hiyo huandika: "Unyevu wa juu unaoruhusiwa kwa mahindi ni asilimia ngapi?" Swali hilo lina nafasi yake, maana tarakimu lazima ikae kichwani. Lakini linapima kumbukumbu ya nukta moja, na benki iliyojaa maswali ya namna hiyo humdanganya mwenye nayo. Atajibu yote kwa haraka, atajiona yuko tayari, halafu mtihani utamwomba aeleze sababu au akokotoe.

Hatua inayofuata ni kuuliza kilicho chini ya tarakimu. Kwa nini asilimia 13.5 na si 20? Jibu halimo kwenye nukta, lilikuwa mdomoni mwa mhadhiri na limo kwenye vitabu vilivyotajwa katika muhtasari: ukungu unahitaji maji ambayo hayajashikwa na punje, na punje inapokauka kufikia kiwango hicho maji hayo huwa machache mno kwa ukungu kukua. Punje yenye maji mengi pia hupumua zaidi, hutoa joto, na wadudu huzaliana upesi. Swali hilo moja la "kwa nini" limebeba sababu tatu, na kila sababu inaweza kupewa alama zake. Andika jibu likiwa limegawanywa hivyo hivyo, alama moja kwa kila sababu na nyingine kwa maelezo yake, ili unapojisahihisha usijihurumie.

Kisha angalia kama kuna hesabu iliyojificha. Hapa ipo. Mkulima ana kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, anayakausha hadi asilimia 13.5. Yatabaki kilo ngapi? Katika kilo 100, maji ni kilo 20 na kitu kikavu ni kilo 80. Hizo kilo 80 hazipungui kwa kukauka, maji ndiyo yanayoondoka. Mwishoni zitakuwa asilimia 86.5 ya uzito wote, kwa hiyo uzito mpya ni 80 ÷ 0.865, yaani takriban kilo 92.5. Maji yaliyotoka ni kilo 7.5.

Ukitaka kuligeuza liwe la kuchagua, hapo ndipo vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi yanayowekwa kando ya lililo sahihi, vinapokuwa na kazi. Kipotoshi kizuri hakibuniwi ovyo, hutokana na kosa ambalo mtu angelifanya kweli. Atakayetoa 13.5 kwenye 20 na kupata kilo 6.5 za maji atachagua kilo 93.5. Atakayeondoa 13.5 kwenye 100 atachagua 86.5. Atakayesahau kwamba mahindi makavu bado yana maji ndani yake atachagua 80. Sasa swali lina machaguo manne, 92.5, 93.5, 86.5 na 80, na kila jibu lisilo sahihi linakuambia ulipotelea wapi. Ukiweka 40 au 120 badala yake, mtu atapata jibu kwa kuondoa yasiyowezekana bila kujua lolote kuhusu unyevu.

Maswali ninayoyathamini kuliko yote ni yale yanayounganisha nukta mbili ambazo slaidi imeziacha mbalimbali. Chukua ile chupa. Unaweka mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa, unaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya takriban asilimia 15. Sasa tunga: "Mkulima wa Masindi amepima kwa chupa, chumvi haikuganda, akafunga magunia akisema yamefikia kiwango cha soko. Yuko sahihi?" Hayuko sahihi bado. Chupa imemwambia kwamba yuko chini ya 15, haijamwambia kwamba amefika 13.5. Mahindi ya asilimia 14.5 yatapita kwenye chupa na kukataliwa kwenye kipima unyevu cha mnunuzi.

Ongeza sehemu ya pili: mnunuzi amepima na kukuta aflatoksini imezidi mikrogramu 10 kwa kilo, na mkulima anaomba muda ayaanike tena. Itasaidia? Haitasaidia, kwa sababu kukausha kunazuia ukungu kuendelea kukua, hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Swali la namna hii lina uzito Uganda. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na kisa kama hicho ni rahisi kugeuzwa kuwa swali la insha.

Nukta nne zimetoa swali la kumbukumbu, la sababu, la hesabu na la hali halisi lenye sehemu mbili. Ukitoa maswali manne au matano mazuri kwa kila slaidi nzito, huna haja ya kugusa kila slaidi. Slaidi za kichwa cha mada, picha za mapambo na orodha ya vitabu ziruke.

Idadi ya maswali kwa kila mada isifuate wingi wa slaidi. Hapa wengi huharibu. Mhadhiri anaweza kuwa na slaidi 40 za aina za ghala kwa sababu zimejaa picha, na slaidi 6 tu za ukaushaji kwa sababu muda mwingi aliutumia ubaoni akikokotoa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni saa zilizoandikwa kwenye muhtasari. Uganda, kredit moja huhesabiwa kama saa 15 za mafundisho, kwa hiyo kozi ya kredit tatu ina saa 45. Ikiwa ukaushaji umepewa saa 9, hiyo ni moja ya tano, na katika benki ya maswali 60 unastahili kupata maswali kama 12. Chora jedwali dogo lenye mada upande mmoja na aina za maswali upande mwingine, kisha ujaze. Utaona mara moja mada uliyoikwepa kwa kuwa hukuielewa.

Soma pia vitenzi vya matokeo tarajiwa kwenye muhtasari huohuo. Ukiandikwa kwamba mwanafunzi "ataweza kukokotoa", mtihani una haki ya kukupa hesabu. Ukiandikwa "ataweza kutathmini", basi kutaja faida na hasara hakutoshi, lazima useme ipi inafaa wapi na kwa nini. Na kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kiingereza, maswali na majibu yaandikwe kwa Kiingereza hata kama kikundi chenu kinajadiliana kwa Kiswahili.

Jaribio la kati ya muhula ndilo dirisha la kwanza la kumwona mtahini. Likirudishwa, lichukue swali kwa swali: hili lilitoka neno kwa neno kwenye slaidi, hili lilidai sababu, hili lilikuwa hesabu, hili lilikuwa kisa. Kama nusu ya alama zilikuwa kwenye visa na benki yenu ina visa vitatu tu, mnajua pa kuongeza.

Kuna njia rahisi ya kujua kama swali ni bovu. Mpe mtu ambaye hakuhudhuria mhadhara. Akilijibu kwa kufuata maneno ya swali lenyewe, mmetoa jibu ndani ya swali. Kosa la upande wa pili ni swali linalojibika tu na aliyekumbuka sura ya slaidi, kama "taja nukta ya tatu". Hayo yote mawili yafutwe. Na kila jibu liulizwe na mwenzako, "Dada, hili umelitoa wapi?" Ikiwa hakuna slaidi wala ukurasa wa kitabu wa kuonyesha, jibu hilo ni dhana tu. Liwekeeni alama na mlipeleke kwa mhadhiri kabla halijaenea kundi zima kama ukweli.

Benki ikishajengwa, itumike huku majibu yamefunikwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma upya maandishi na waliojaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliosoma upya walifanya vizuri zaidi, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki moja waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Maswali mnayoyakosa yarudieni baada ya siku mbili tatu, na yale mliyoyapata mfululizo yaacheni hadi wiki ya mtihani.

Benki haiwezi kukuambia ni maswali yapi yatakuja, wala mtahini atasahihisha kwa ukali gani. Pia haiwezi kufidia mhadhara ambao slaidi zake ni picha tupu na hakuna aliyeandika maelezo. Kwa slaidi za namna hiyo maswali yatungwe siku ileile, mkitoka darasani, wakati maneno ya mhadhiri bado yanakumbukwa.