Kwa nini dripu huwa na chumvi, na kwa nini mchicha haupasuki ukilowekwa?

Maji safi yaliyochemshwa hayana vijidudu. Kwa nini basi mgonjwa hawekewi hayo kwenye mshipa badala ya maji ya chumvi?

Usafi peke yake hautoshi. Ndani ya kila seli nyekundu ya damu kuna chumvi na protini, na seli imezungukwa na utando mwembamba ambao maji hupita kirahisi lakini chumvi hazipiti ovyo. Maji huvuka utando huo kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, na mwendo huo ndio osmosisi. Hakuna anayeyasukuma, wala seli haina mlango wa kuyafunga.

Iweke seli hiyo kwenye maji matupu ufuatilie. Kwa kawaida ina umbo la andazi lililobonyezwa katikati pande zote mbili. Nje hakuna chumvi, ndani ipo, kwa hiyo maji yanaingia. Kwanza lile bonyeo linajaa, na seli inakuwa mviringo kama mpira. Hapo utando umeshafika mwisho wa kutanuka, ila maji bado yanaingia, kwa hiyo unapasuka na rangi nyekundu inamwagika nje. Ukitia tone la damu kwenye mrija wa maji yaliyotoneshwa, maji yanakuwa mekundu lakini maangavu, kiasi kwamba unaweza kusoma maandishi yaliyo nyuma ya mrija. Kwenye maji ya chumvi ya dripu mrija unabaki na ukungu, kwa sababu seli bado ni nzima na zinazuia mwanga.

Hilo likitokea ndani ya mshipa, rangi ya damu iliyomwagika huchujwa kwenye figo, mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya kahawia, na figo zinaweza kuharibika. Ndiyo maana dripu ya kawaida ina chumvi asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa kila lita. Seli huanza kupasuka chumvi ikishuka hadi karibu asilimia 0.5, na ikifika karibu 0.3 zote zimekwisha. Nafasi ya kukosea si kubwa.

Haipotoniki, aisotoniki, haipatoniki. Nashindwa kukumbuka ipi ni ipi.

Ya kwanza na ya mwisho hata sikio huzichanganya. Jiulize swali moja tu: nje pana vitu vingi au vichache kuliko ndani ya seli? Vikiwa vichache, myeyusho ni hafifu, ndio haipotoniki, na maji yanaingia. Vikilingana ni aisotoniki: maji yanaingia na kutoka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo seli haibadiliki ukubwa ingawa maji hayajasimama. Vikiwa vingi nje, myeyusho ni mkali, ndio haipatoniki, na maji yanatoka. Seli nyekundu ikiwekwa kwenye chumvi asilimia 3 hujikunja na kuota vichomo kama tunda la mbigili.

Angalizo moja: kinachohesabiwa ni vitu visivyovuka utando au visivyotumika. Dripu ya sukari ya glukosi asilimia 5 inalingana na damu ikiwa bado kwenye chupa. Ikishaingia mwilini, seli zinaichoma ile sukari, na kinachobaki ni maji matupu. Kwa hiyo mgonjwa akipewa hiyo peke yake kwa wingi, chumvi ya damu yake hushuka na seli za ubongo huvimba.

Mchicha ulionyauka nikiuloweka kwenye maji unasimama tena. Mbona seli zake hazipasuki?

Kwa sababu nje ya utando seli ya mmea ina ukuta mgumu, ambao seli ya mnyama haina. Maji yanaingia vilevile, seli inavimba, utando unasukumwa mpaka unabana ukutani. Ukuta nao unasukuma ndani. Misukumo hiyo miwili ikilingana, maji hayaongezeki tena. Seli zilizojaa na kubanana ndizo zinazosimamisha jani, kama tairi lililojazwa upepo. Kwa hiyo myeyusho hafifu, ambao kwa seli ya damu ni kifo, kwa mmea ndio hali nzuri.

Kwenye myeyusho unaolingana seli ya mmea haifi, lakini inalegea kwa kukosa msukumo. Kwenye mkali, maji yanatoka, ukuta unabaki pale pale, na utando unajitenga nao ukisinyaa kuelekea katikati. Hayo ndiyo yanayokipata kitunguu cha kachumbari ukikinyunyizia chumvi: baada ya dakika chache bakuli lina maji, na kitunguu kimelegea.

Naweza kuliona nyumbani bila darubini?

Unaweza, kwa kiazi mviringo kibichi. Kata vipande vitatu visivyo na ganda, kila kimoja urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Andaa vyombo vitatu vyenye maji nusu lita kila kimoja. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, takriban gramu 4.5, ambayo inakaribia nguvu ya dripu. Cha tatu tia vijiko sita vilivyosawazishwa. Koroga hadi chumvi iyeyuke, weka kipande kimoja kwenye kila chombo, subiri saa mbili.

Usiamini macho peke yake. Pima kwa rula na ukikunje kipande. Cha maji matupu kinakuwa kigumu, kirefu kwa milimita moja au mbili, na kinakatika kwa mlio. Cha tatu kinajikunja kama mpira na kimefupika. Cha kati hubadilika kidogo sana, na kinaweza kulegea au kurefuka kiasi kwa sababu viazi havilingani. Kosa la kawaida ni kukata vipande vya unene tofauti: chembamba hubadilika haraka zaidi, na ulinganisho unaharibika.

Mtoto anaharisha. Nimeyeyusha pakiti nzima ya ORS kwenye glasi moja ili ipate nguvu. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa, mwaga hiyo. Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye glasi ya mililita 250 inakuwa kali mara nne. ORS ya sasa imetengenezwa iwe hafifu kidogo kuliko damu, ili chumvi na glukosi zikifyonzwa pamoja utumboni, maji yazifuate kuingia mwilini. Ukiifanya kali, utumbo wenyewe unayavuta maji kutoka kwenye damu. Kuhara kunazidi, na chumvi inayoingia inapandisha chumvi ya damu hadi seli za ubongo zinasinyaa. Mtoto anakuwa na kiu isiyoisha na kusumbuka, kisha analegea, na anaweza kupata degedege. Ukiona dalili hizo, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Soma kiasi cha maji kwenye pakiti, kwa kuwa nyingine ni za lita moja na nyingine ni ndogo zaidi. Pima kwa chupa inayojulikana ujazo, si kwa kukadiria. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, usichemshe tena baada ya kuchanganya, na usiongeze sukari wala soda. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka 2 hadi 10 mpe 100 hadi 200, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole zaidi. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage, uchanganye nyingine.