Taarifa ya mfuko wa pensheni: isome ukiwa na hati ya mshahara mkononi

Kila mwaka, baada ya hesabu za mfuko kufungwa, wanachama hutumiwa taarifa ya ukurasa mmoja au miwili. Katika dawati ninalofanyia kazi tumezoea kuona jinsi wengi wanavyoisoma: jicho linashuka moja kwa moja hadi chini kabisa, kwenye kiasi kikubwa kinachokadiriwa kulipwa siku ya kustaafu, kisha karatasi inakunjwa. Hiyo namba ya chini ndiyo yenye uhakika mdogo kuliko zote. Zilizo juu yake unaweza kuzihakiki mwenyewe kwa dakika kumi, mradi uwe na hati zako kumi na mbili za mshahara.

Tutumie mfano. Karani wa ghala mjini Mombasa, umri miaka 41, yumo katika mfuko wa pensheni wa kampuni yake. Kanuni za mfuko zinasema mwanachama achange asilimia 5 na mwajiri asilimia 10. Mshahara wake wote pamoja na marupurupu ni shilingi 68,000 kwa mwezi, lakini mshahara wa msingi ni 50,000. Michango hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, si kwa jumla inayoingia benki, na hapo ndipo malalamiko mengi huanzia. Mtu anapiga asilimia 10 ya 68,000, anaona mwajiri alipaswa kuleta 6,800, anakuta 5,000, anaamini ameibiwa. Hajaibiwa. Afungue kanuni za mfuko aone ni mshahara upi unaohesabiwa.

Basi kwa mwezi karani wetu anakatwa 2,500 na mwajiri anaongeza 5,000. Kwa mwaka ni 30,000 yake na 60,000 ya mwajiri. Taarifa yake, hata hivyo, inasoma hivi: salio la mwanzo wa mwaka 720,000, michango yake 25,000, michango ya mwajiri 50,000, faida ya uwekezaji 68,040, salio la mwisho 863,040. Ukijumlisha, hesabu inafunga bila kasoro. Na bado kuna tatizo: michango ni ya miezi kumi.

Hapa ndipo hati za mshahara zinapofanya kazi. Anazipanga Januari hadi Desemba, na zote zinaonyesha 2,500 imekatwa. Kisha anaomba orodha ya michango ya kila mwezi, ambayo msimamizi wa mfuko huwa nayo hata kama taarifa ya mwaka haikuionyesha. Machi na Aprili ni tupu. Shilingi 15,000 hazimo.

Kabla ya kupandisha sauti, angalia kwanza mwezi upi unaokosekana. Mchango wa Desemba mara nyingi huufikia mfuko Januari, kwa hiyo huonekana katika taarifa ya mwaka unaofuata, na ule wa Desemba iliyotangulia hujaza nafasi yake. Huo si upungufu. Lakini pengo katikati ya mwaka lina moja kati ya sababu mbili. Ama mwajiri alikata na hakupeleka, ama alipeleka na pesa hazikuingizwa kwenye akaunti ya mwenyewe. Hii ya pili hutokea kuliko watu wanavyodhani: hundi inafika ikiwa nzima, ila orodha iliyoambatana nayo ina namba ya uanachama iliyokosewa tarakimu moja. Pesa hizo huwekwa katika akaunti ya kusubiria hadi mtu aziulizie. Asipouliza mtu, zinakaa.

Kwa hiyo swali la kwanza liende kwa ofisi ya rasilimali watu, kwa maandishi, likiomba uthibitisho wa malipo ya Machi na Aprili. Uthibitisho ukipatikana, upeleke kwa msimamizi wa mfuko. Usipopatikana, waandikie wadhamini, yaani watu wanaoushikilia mfuko kwa niaba ya wanachama, maana kumdai mwajiri kile anachodaiwa na mfuko ni kazi yao. Kwa Kenya, katika mifuko ya aina hii ambayo mafao hutegemea michango na faida yake, nusu ya wadhamini huteuliwa na wanachama wenyewe, kwa hiyo pengine mmoja wao anakaa meza ya pili kutoka kwako. Wadhamini wakinyamaza, lalamiko linakwenda RBA, mamlaka ya kusimamia mifuko hii iliyoundwa chini ya sheria ya 1997. Na pesa zitakapoletwa, zije na faida iliyopotea. Kwa kiwango cha faida cha mwaka ule, miezi miwili ile ingezaa karibu shilingi elfu moja kufikia Desemba. Ni kidogo, lakini ukiacha 15,000 nje ya mfuko miaka 19 kwa asilimia 9, utakuwa umepoteza zaidi ya 77,000.

Faida yenyewe huhakikiwa kwa njia ya mkato. Chukua salio la mwanzo, ongeza nusu ya michango ya mwaka, kwa kuwa michango iliingia kidogo kidogo, kisha zidisha kwa kiwango kilichotangazwa. Wadhamini wa mfuko huu walitangaza asilimia 9. 720,000 na 37,500 ni 757,500. Asilimia 9 yake ni 68,175. Taarifa inasema 68,040. Tofauti ya mia na ushee inatokana na tarehe za kuingia kwa michango, haina neno. Ingekuwa elfu kumi, ungeuliza.

Karani wetu alikuwa akitafuta pia mstari wa gharama, hakuuona. Katika mifuko mingi ya waajiri hautauona, kwa sababu gharama huondolewa kabla faida haijagawiwa. Meneja wa uwekezaji analipwa, anayetunza hati na mali za mfuko analipwa, msimamizi wa kumbukumbu analipwa, mkaguzi analipwa, wadhamini wana vikao vyao, na mamlaka nayo ina tozo yake. Kinachobaki ndicho kinachotangazwa. Tuseme uwekezaji ulizaa asilimia 10.4 na gharama zikala asilimia 1.4, wewe unaambiwa 9. Katika salio la karani, hiyo ni kama shilingi 10,600 kwa mwaka mmoja, zaidi ya mchango wake wa miezi minne, na hakuna mahali zimeandikwa kwa jina lake. Gharama hizo utazipata katika hesabu za mfuko zilizokaguliwa, ambazo husomwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa kila mwaka, ule ambao wengi huenda kwa ajili ya chakula cha mchana.

Swali la kuuliza pale si kama gharama zipo. Zigawe kwa thamani ya mfuko uone ni asilimia ngapi, kisha linganisha na mwaka uliopita. Nusu ya asilimia inaonekana kama si kitu. Salio la 863,040 likikua kwa asilimia 9 kwa miaka 19, bila kuongezewa mchango wowote, linafika takriban milioni 4.44. Kwa asilimia 9.5 linafika milioni 4.84. Nusu ile imegharimu laki nne.

Sasa mstari unaowachanganya watu kuliko yote: salio ambalo tayari ni haki yako. Michango yako na faida yake ni haki yako tangu siku ya kwanza. Sehemu ya mwajiri hutegemea kanuni za mfuko, ambazo huweza kutaka muda fulani wa uanachama kwanza. Chukua mfuko unaotaka mwaka mmoja: mfanyakazi anayeacha kazi baada ya miezi minane ya uanachama ataondoka na yake tu, na ya mwajiri itabaki kwenye mfuko. Akingoja miezi minne zaidi, zote ni zake. Ndiyo maana tarehe ya kujiunga iliyoandikwa juu ya taarifa si pambo. Nimeona wafanyakazi walioajiriwa Januari wakisajiliwa Juni, na saa yao ikaanza kuhesabiwa Juni.

Kwa karani wetu, mwenye miaka mingi, salio la haki ni sawa na salio lote, 863,040. Je, anaweza kwenda kuzichukua kesho? Hapana. Haki ya kumiliki na ruhusa ya kuchukua ni vitu viwili. Akiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, sheria ya Kenya haimruhusu kutoa sehemu yote ya mwajiri. Inayobaki hukaa pale ikiendelea kuzaa, au huhamishiwa mfuko mwingine. Mtu akikuambia kwamba masalio hayo yamepotea, amekosea. Yamefungwa tu. Na kama mwajiri wako aliomba michango ya daraja la pili ya NSSF, ile inayokatwa kwenye sehemu ya mshahara iliyo juu ya kiwango cha chini, iletwe kwenye mfuko wa kampuni, itakuwa na safu yake peke yake kwenye taarifa. Usiijumlishe na mingine unapopanga cha kuchukua.

Tumefika chini ya ukurasa. Taarifa inamwambia karani kwamba akifika miaka 60 atakuwa na milioni 10.3. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna makisio: faida ya asilimia 9 kila mwaka, mshahara kupanda asilimia 5 kila mwaka, na ajira isiyokatika kwa miaka 19. Soma hayo kwanza. Badilisha moja tu, faida iwe asilimia 7, na milioni 10.3 inakuwa milioni 8. Hakuna aliyedanganya; ni hesabu ileile.

Halafu kuna bei za vitu. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, ukiruhusiwa kuyumba kati ya 2.5 na 7.5. Kwa asilimia 5, kitu cha shilingi 100 leo kitauzwa karibu 253 baada ya miaka 19. Kwa hiyo gawanya namba ya chini kwa 2.53: milioni 10.3 ile ina nguvu ya takriban milioni 4.1 za leo.

Bado si zake zote kwa mkupuo. Huu ni mfuko wa pensheni, si wa akiba, kwa hiyo anaweza kuchukua hadi theluthi moja taslimu na theluthi mbili zitamlipa polepole, ama kwa kununua pensheni ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima, ama kwa mpango wa kutoa kidogo kidogo. Theluthi mbili ni kama milioni 6.87. Tuseme kampuni ya bima inampa shilingi 9,000 kwa mwezi kwa kila milioni. Kiwango halisi atakijua siku hiyo. Atapata karibu 62,000 kwa mwezi. Zinasikika nyingi kwa mtu wa mshahara wa msingi wa 50,000, mpaka uzigawe kwa 2.53: ni 24,500 za leo, nusu ya mshahara huo.

Karani anayeona nusu hiyo haimtoshi ana nafasi ya kuongeza mchango wa hiari. Tangu mwisho wa Desemba 2024 michango ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi hukatwa kwenye mapato kabla ya kodi, ikipanda kutoka 20,000. Yeye anachanga 2,500 hapa, na hata ukiongeza makato yake ya NSSF bado yuko mbali na kikomo hicho. Fomu ya mchango wa hiari iko kwa msimamizi wa mfuko. Atakapokwenda kuichukua, aulizie na Machi na Aprili.