Mkojo umekuwa kama chai ya rangi na bado unakunywa mitishamba? Acha leo leo

Mimi ni daktari wa ini, na wengi wanaokuja kwangu wameumizwa na dawa za asili wanakuja macho yakishakuwa ya njano, mara nyingi ni mtu mwingine nyumbani ndo kayaona. Lakini ukiwauliza vizuri unakuta mkojo ulishabadilika siku kadhaa kabla, ila hawakuujali.

Mkojo unatangulia kwa sababu hii. Ini likiumia linashindwa kuitoa bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, kupitia nyongo kama kawaida, inarudi kwenye damu, na ile ambayo ini lilishaifanyia kazi inayeyuka kwenye maji kwa hiyo figo zinaichuja na kuipeleka kwenye mkojo. Jicho linasubiri. Weupe wa jicho hauonyeshi unjano mpaka bilirubini ifike kama mara mbili au tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na ukiangalia chini ya taa ya njano unaweza usione kabisa, toka nje kwenye mwanga wa mchana, angalia chini huku mtu mwingine akiinua kope ya juu.

Sa mtu ataniambia, daktari, si nilikuwa sinywi maji ya kutosha? Sawa, kunywa maji ya kutosha halafu uangalie tena baada ya masaa machache. Mkojo wa kiu utapauka, wa bilirubini utabaki wa kahawia hata ukinywa sana. Weka kidogo kwenye chupa safi inayopitisha mwanga, funga, tikisa: povu la kawaida ni jeupe, lenye bilirubini linakuwa la njano. Hiyo haichukui nafasi ya maabara, ila inakutoa kwenye ubishi. Vidonge vya vitamini B vinafanya mkojo uwe njano kali inayong'aa, hiyo si kahawia, usichanganye.

Kuna mama mmoja (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane) alikuwa anameza vidonge vya kiungo cha manjano vilivyochanganywa na pilipili manga kwa ajili ya magoti. Ile pilipili manga imewekwa makusudi ili mwili ufyonze manjano zaidi, kwa hiyo hiki si kitu kimoja na manjano ya kwenye mchuzi. Wiki sita za kwanza hakuna shida. Wiki ya saba uchovu, hamu ya kula ikaisha, kichefuchefu. Halafu mkojo ukawa mweusi, na muwasho mwili mzima bila vipele. Akamuuliza aliyemuuzia, akajibiwa sumu inatoka, ongeza dozi. Akaongeza! Alivyofika kwangu macho yalikuwa njano, choo kimepauka, ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, ilikuwa 1,150 wakati kawaida ni chini ya 40 hivi, na bilirubini mara sita ya kawaida.

Hiyo hadithi ya sumu inatoka ndo inayonikera kuliko zote. Mkojo wa kahawia ni ini limeshindwa kazi yake, si usafi unaofanyika. Na kwamba umetumia wiki sita bila tatizo haikusaidii kitu, kwa sababu madhara haya mara nyingi huanza baada ya wiki kadhaa au hata miezi.

Kwa hiyo unaacha lini? Ukiona mkojo wa kahawia usiopauka, au macho ya njano, au muwasho usioeleweka pamoja na uchovu na kukosa hamu ya kula, unaacha siku hiyo hiyo, dawa zote za asili na virutubisho, si kupunguza kidogo kidogo. Dawa ulizoandikiwa hospitali usiziache kimya kimya, piga simu uulize. Kapime ALT, bilirubini na kuganda kwa damu, na ubebe chupa na pakiti zake. Homa ya ini ya virusi, mawe ya nyongo na malaria kali navyo vinaleta unjano, lazima vitafutwe. ALT ikizidi mara tatu ya kawaida na bilirubini ikazidi mara mbili kwa pamoja, bila nyongo kuziba, hapo karibu mmoja kati ya kumi anaweza kufa au kuhitaji ini jipya. Ukianza kuchanganyikiwa, kusinzia mchana usivyo kawaida, kutoka damu kwenye fizi, kutapika mfululizo au tumbo kujaa, usisubiri majibu ya kesho, nenda emajensi.

Yule mama aliacha, ALT ikaanza kushuka ndani ya wiki, lakini unjano uliongezeka kidogo kwanza kabla ya kupungua, na ukachukua karibu miezi miwili kuisha. Hilo hutokea. Alivyopona akaniuliza kama anaweza kurudia nusu dozi, nikamkatalia kabisa, maana ini likishakataa kitu mara moja, mara ya pili linaweza kuumia haraka zaidi na vibaya zaidi, hata kwa kiasi kidogo.