Zamu za usiku na mwili wa mwanafunzi wa uuguzi

"Mwalimu, si mwili utazoea tu?"

Si kwa wiki moja. Saa ya mwili hufuata mwanga, na ukitoka wodini Hospitali ya Bombo saa 2 asubuhi, jua la Tanga linaiambia kumekucha. Ukilala saa 4, joto na kelele vinakuamsha saa 8 mchana. Hapo umepata saa nne tu.

Usiku wa tatu deni hilo la usingizi hujitokeza kwenye hesabu ya dawa, hasa kuanzia saa 9 usiku. Ampuli ya jentamaisini ya mililita 2 ina miligramu 80. Daktari kaandika 60, basi unavuta mililita 1.5. Hesabu nyepesi, lakini ukijikuta unarudia kusoma lebo na haikuingii, mwite mwenzako ahakiki.

Jioni kabla ya zamu lala dakika 90. Chai ya mwisho iwe kabla ya saa 8 usiku. Asubuhi panda daladala, usiendeshe pikipiki, kisha funga pazia zito.

Ukishalala vizuri siku kadhaa za mapumziko na bado mgonjwa akikuita unaona kero, hilo si deni la usingizi tena. Mweleze msimamizi wako wa mafunzo wodini.