Kutoka picha ya simu hadi orodha ya kitambaa: dhana potofu ambazo fundi wa Mwanza hukutana nazo

Fundi mwenzangu aliye Nansio, Ukerewe, hunitumia picha ya simu ya ukurasa wa patani ya gauni pamoja na vipimo vya mteja, nami nakwenda madukani Mwanza mjini kumnunulia kitambaa, bitana, gamu na zipu, kisha mzigo unapanda meli. Nikikosea robo yadi, kosa hilo hugunduliwa ng'ambo ya maji, mkasi ukiwa tayari mkononi, na pengine siku hiyo dukani pisi ya rangi ile imekwisha. Kwa sababu hiyo nimejizoeza kuichambua picha yenyewe kabla ya kugusa pochi, na nimegundua kwamba makosa mengi hayatoki kwenye hesabu bali kwenye mambo ambayo watu huyaamini kabla hata hawajaanza kuhesabu.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Gauni lina kifua kilichonyooka, mikono mifupi yenye marinda begani, na sketi ya marinda ya vipande viwili. Mteja ana inchi 40 kifuani, 34 kiunoni na 43 nyongani, na amechagua kitenge cha upana wa inchi 45 chenye picha za ndege wanaoelekea upande mmoja. Sehemu iliyoonekana kwenye picha ya jedwali la kiasi cha kitambaa kwa kila saizi na kila upana ilikuwa hii:

```
SIZE     14     16     18     20
45"**    3 5/8  3 7/8  4 1/8  4 1/4  Yd
60"*/**  2 3/4  2 7/8  3 1/8  3 1/4  Yd
```

Dhana: picha ikishasomeka, kazi iliyobaki ni kunakili namba.

Ukweli ni kwamba kunakili ndiko kunakoleta hasara ya kwanza. Jedwali la patani huandikwa kwa sehemu za thumni, na mara nyingi nafasi kati ya namba nzima na sehemu yake ni ndogo mno. Ukitumia simu kunakili maandishi kutoka kwenye picha, `4 1/8` inaweza kutoka ikiwa `41/8`, ambayo kihesabu ni yadi 5 na thumni moja, yaani yadi nzima ya ziada. Hatari ya kosa hili ni kwamba jibu lake halishangazi, kwa kuwa gauni la yadi tano lipo na hakuna atakayeuliza. `4 1/4` ikigeuka `41/4` utapata zaidi ya yadi kumi, na hapo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza atashtuka.

Ninatumia njia mbili za kuhakiki. Ya kwanza ni kusoma mstari mzima badala ya safu moja: kadiri saizi inavyopanda, kitambaa hubaki vilevile au huongezeka, hakipungui. Ukiona namba imeshuka katikati ya mstari, ama umesoma vibaya ama mstari umehama. Ya pili ni kutafuta jedwali la mita, ambalo patani nyingi huliweka kando ya lile la yadi. Zidisha yadi kwa 0.914, na jibu likaribiane na namba ya mita. Yadi 4 na thumni moja ni mita 3.77, hivyo jedwali la mita litaonyesha takriban 3.8. Kama ungeisoma yadi 5 na thumni moja, ungepata mita 4.7, na kosa lingejitaja lenyewe.

Jambo lingine ni kile ambacho hakimo kwenye picha. Mtu hupiga picha ya namba na kuacha mstari mdogo wa chini unaoeleza maana ya nyota, au huacha mstari wa juu wenye saizi kwa sababu ameshusha ukurasa. Picha ya namna hiyo naiomba upya. Kubahatisha safu ni sawa na kubahatisha mteja.

Dhana: saizi ya patani ndiyo saizi anayovaa mteja.

Mteja huyu hununua nguo za dukani zilizoandikwa 14, na fundi mwenzangu alikuwa ameshaizungushia safu ya 14 mviringo mwekundu. Saizi za patani za kibiashara za Kimarekani zina mpango wao wa zamani, ambao haukufuata mabadiliko ya lebo za madukani. Katika mpango huo, 14 ni kifua cha inchi 36, kiuno 28 na nyonga 38. Saizi 18 ni 40, 32 na 42, na saizi 20 ni 42, 34 na 44. Mteja wetu basi ni 18 kifuani na 20 kiunoni, na nyonga yake iko katikati ya saizi hizo mbili.

Gauni lenye kifua kilichonyooka hukatwa kwa kufuata kifua, kwa sababu kurekebisha bega na kwapa ni kazi ngumu kuliko kupanua kiuno. Fundi atakata 18 juu na kuufungua mstari wa ubavu hadi 20 kiunoni, na marinda ya sketi yataikidhi nyonga yenyewe. Lakini kitambaa hununuliwa kwa safu kubwa kuliko zote zilizoguswa, kwa hiyo orodha inafuata safu ya 20, yaani yadi 4 na robo. Safu ya 14 ingetupatia yadi 3 na thumni tano, pungufu kwa thumni tano za yadi, ambazo ni zaidi ya inchi 22. Mikono yote miwili ingekosa mahali pa kukatwa.

Hapa pana mtego mdogo. Baadhi ya patani huonyesha pia vipimo vya nguo iliyokwisha kushonwa, ambavyo ni vikubwa kuliko vya mwili kwa sababu vimejumuisha nafasi ya kupumua na kujigeuza. Ukimlinganisha mteja na mstari huo utamchagulia saizi ndogo, na gauni litambana kama ngozi ya ngoma.

Dhana: nyota zilizo kando ya upana ni pambo tu, na pisi ya yadi sita inatosha gauni lolote.

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo vitenge vyetu vinapopishana na jedwali. Kwenye patani nyingi za Kimarekani nyota moja humaanisha kitambaa chenye mwelekeo, nyota mbili kitambaa kisicho na mwelekeo, na alama ya zote mbili humaanisha kiasi kilekile kinatosha kwa hali zote mbili. Kitambaa kisicho na mwelekeo kinaruhusu kipande kimoja kilazwe kichwa juu na kingine kichwa chini ili vibanane. Angalia jedwali letu: mstari wa inchi 45 una nyota mbili tu. Kiasi cha yadi 4 na robo kilikadiriwa kwa kugeuza vipande, jambo ambalo kwenye kitenge cha ndege lingempa mteja mkono mmoja wenye ndege wanaoruka na mwingine wenye ndege wanaoanguka.

Hakuna kanuni ya kichwani inayotoa jibu sahihi hapa, maana inategemea umbo la vipande. Njia ya kuaminika ni kuvilaza. Fundi mwenzangu alichora sakafuni mstari wa inchi 22 na nusu, ambao ni upana wa kitenge kilichokunjwa mara mbili, akapanga vipande vyote vikielekea upande mmoja, akapima urefu uliotumika. Alipata inchi 166 na nusu, yaani yadi 4 na thumni tano.

Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Picha ya ndege ilikuwa inajirudia kila inchi 9, na mteja alitaka ndege walingane kwenye mishono ya ubavu ya sketi, katikati ya kifua na kwenye mikono. Kila kipande kinachopaswa kulingana na kingine kinaweza kulazimika kusogezwa hadi urefu wa mrudio mmoja. Tulihesabu sehemu tatu: kipande cha pili cha sketi, kifua cha mbele na mikono. Hizo ni inchi 27, na jumla ikawa 193 na nusu.

Mwisho ni kusinyaa. Pamba inaweza kupungua kwa asilimia kadhaa inapofuliwa mara ya kwanza, nami hukadiria asilimia 5 kwa kitenge nisichokijua. Hapa watu huongeza asilimia 5 juu, lakini hesabu iliyo sahihi ni kugawanya, kwa sababu tunachotaka ni kiasi kitakachobaki baada ya kufua:

```
193.5 / 0.95 = 203.7
```

Inchi 203.7 ni yadi 5 na zaidi kidogo ya thumni tano, tukapandisha hadi yadi 5 na robo tatu. Katika pisi ya yadi 6 inabaki robo yadi. Ukiangalia jedwali peke yake ungesema inabaki yadi moja na robo tatu.

Napima pia upana wa kitenge dukani kwa futi ya kamba, nikiacha pindo la kiwandani lisilo na rangi. Kikiwa chini ya inchi 45, mpangilio wa sakafuni urudiwe kwa upana halisi, kwani kipande kilichojaa ukingo hadi ukingo hakikubali kupunguzwa kwa hesabu ya uwiano.

Dhana: yadi na mita tofauti yake ni ndogo.

Jedwali likisema mita 3.9 nawe ukaomba yadi 3.9, utapewa mita 3.57. Umekosa sentimita 33, ambazo ni urefu wa mkono mfupi. Andika kipimo kando ya kila namba, kisha muulize muuzaji rula yake ni ya yadi au ya mita kabla hajakata.

Dhana: vifaa vidogo havitegemei saizi.

Vingine havitegemei, vingine vinategemea. Zipu ya inchi 22 na kulabu moja vilikuwa sawa kwa saizi zote. Bitana ya kifua ilikuwa yadi 1 hadi saizi 14, kisha yadi 1 na thumni moja kuanzia 16, kwa hiyo ndiyo tuliyochukua. Gamu iliandikwa nusu yadi kwa upana wa inchi 20. Duka lilikuwa na pana zaidi, lakini niliacha urefu uleule, kwa sababu kipande kirefu cha shingo hulazwa kwa urefu na upana wa ziada haukisaidii.

Orodha niliyomtumia iliandikwa hivi: kitenge upana 45, yadi 5 na robo tatu, kifuliwe kwanza, bitana upana 45, yadi 1 na thumni moja, gamu nusu yadi, zipu moja ya inchi 22, kulabu moja, uzi rola mbili za rangi ya mandhari, si ya ndege. Akajibu, "Dada, mteja anauliza kama masalio yatatosha kilemba." Robo yadi ni inchi tisa. Nilimwambia amuulize mteja kama anataka kilemba cha kitambaa kingine au ndege wasiolingana ubavuni, na anijibu kabla meli haijang'oa nanga.