Kodi Kama Bei: Maana ya Dhana Katika Hotuba ya Mwanafunzi

Katika midahalo ya shuleni kuna hoja inayorudi kila mara mada inapokuwa kodi, nayo ni kwamba kodi ni bei ya barabara, shule na zahanati tunazozitumia kwa pamoja. Hoja hiyo ina ukweli mkubwa, lakini ni ukweli wenye mipaka, na anayeitumia bila kuijua mipaka hiyo huangushwa na swali la kwanza linalotoka kwa wasikilizaji. Hotuba fupi ifuatayo imetungwa kwa mfano wa zile ambazo mwanafunzi wa sekondari angezitoa mbele ya wenzake.

«Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu na wanafunzi wenzangu. Sote tumepita barabarani kuja hapa, na hakuna aliyesimamishwa njiani akaambiwa alipie safari yake. Tumekaa katika madarasa ambayo hakuna mzazi mmoja anayeweza kusema ameyajenga yeye. Wadogo zetu wamechanjwa katika zahanati bila kuulizwa baba zao wana nini mfukoni. Watu husema vitu hivi ni vya bure. Mimi nasema si vya bure, bali vimekwisha kulipiwa. Aliyenunua sabuni amelipa kodi iliyomo ndani ya bei ya sabuni. Mfanyakazi amekatwa kodi kabla mshahara haujamfikia. Mfanyabiashara ametoa sehemu ya faida yake. Fedha hizo zimekutana katika mfuko mmoja, na mfuko huo ndio uliomlipa mwalimu, ukanunua dawa na kushindilia kifusi cha barabara. Kodi, ndugu zangu, ni bei ya vitu tunavyovitumia pamoja, na anayekwepa bei hiyo hajaifuta, ila amemtwisha jirani yake. Ahsanteni.»

Wazo hili lina historia ndefu. Mwaka 1927 Oliver Wendell Holmes, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, aliandika katika hukumu ya upinzani kwamba kodi ndiyo tunayolipa ili tuwe na jamii iliyostaarabika. Kabla yake wachumi wawili wa Uswidi, Knut Wicksell mwaka 1896 na Erik Lindahl mwaka 1919, walikuwa wameshaichukua fikra ya kodi kama bei na kuuliza kwa makini ni katika hali gani inaweza kuwa kweli. Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, kwa sababu kwa maana ya kawaida kodi si bei hata kidogo. Bei hulipwa na anayetaka kununua, na mlipaji hupewa kitu alicholipia, asiyetaka huondoka. Kodi hulipwa kwa lazima, na aliyelipa hawezi kwenda ofisi ya mapato kudai gunia la saruji linalolingana na alichotoa. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, katika tafsiri inayotumika sana, linaieleza kodi kuwa malipo ya lazima kwa serikali ambayo mlipaji harudishiwi kitu kinacholingana nayo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kodi na ada: ada ya pasipoti hulipwa na mwenye kupewa pasipoti, lakini kodi ya mapato haiambatani na huduma yoyote mahususi.

Kwa nini basi hotuba ya mwanafunzi isitupwe? Kwa sababu kuna vitu ambavyo bei ya kawaida haiwezi kuvilipia, hata kama kila mtu anavitaka. Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo fulani lina kaya 100, na barabara ya kuziunganisha na barabara kuu inagharimu fedha 5,000. Tuseme kila kaya itafaidika kwa kiasi cha 80, yaani kwa nauli itakayopungua, muda utakaookolewa na mazao yatakayofika sokoni yangali mazima. Faida yote ni 8,000, hivyo barabara inafaa kujengwa, na mchango wa 50 kwa kila kaya unatosha.

Sasa mkusanya michango anapita nyumba kwa nyumba, na kila mmoja ana hiari ya kutoa. Mwenye nyumba anayefikiri kwa utulivu anaona kwamba akitoa 50 atabaki na faida ya 30, na asipotoa, wengine wakatoa, upungufu wa 50 katika 5,000 hautazuia ujenzi, naye atafaidi 80 nzima. Hakuna atakayemzuia kupita, kwa kuwa barabara ya mitaani ina maingilio mengi na kumweka mlinzi katika kila ingilio kungegharimu kuliko ambacho kingekusanywa. Hesabu hiyo hiyo inafanywa katika nyumba zote 100, na mwishowe barabara haijengwi. Si lazima watu hao wawe wabaya. Hata aliye tayari kutoa atasita, maana anaogopa kutoa peke yake na fedha yake ipotee bure. Wachumi humwita mdandiaji yule anayetegemea kubebwa na michango ya wengine, na jambo la kuangalia ni kwamba udandiaji huo unamrudia yeye mwenyewe: angelazimishwa pamoja na wenzake, angebaki na 30, ilhali kwa hiari ya kila mmoja amebaki na sifuri. Lazima iliyomo katika kodi, ambayo kwa mtazamo wa kwanza inaipinga kabisa maana ya bei, ndiyo inayowezesha kitu kinunuliwe.

Lindahl alikwenda hatua moja zaidi. Si kila kaya hufaidika sawa. Tuseme kaya 20 zina magari ya mizigo na kila moja inafaidika kwa 200, na zile 80 zilizobaki zinafaidika kwa 50 kila moja. Jumla ni 8,000 vilevile, lakini mchango sawa wa 50 unaziacha kaya 80 bila faida yoyote, na zingekuwa na haki ya kunung’unika. Kwa kuwa gharama ni sehemu tano katika nane za faida yote, kila kaya ikilipa sehemu tano katika nane za faida yake, wenye magari watatoa 125 na wengine 31.25. Kila kundi litachangia 2,500, barabara itajengwa, na hakuna kaya itakayolipa zaidi ya inachopata. Kodi ya namna hiyo ingestahili kweli kuitwa bei.

Shida ni kupata zile takwimu za faida. Mtu anayejua kwamba atatozwa kulingana na faida atakayoitaja atataja ndogo, na mwenye lori atasema hutoka nyumbani mara chache. Mchumi wa Marekani Paul Samuelson alilieleza tatizo hili waziwazi mwaka 1954: katika vitu vya pamoja kila mtu ana sababu ya kuficha ni kwa kiasi gani anavitaka. Ndiyo maana serikali haziulizi faida, bali hutoza kwa kuangalia vitu vinavyoonekana, kama mapato, manunuzi, faida ya biashara au uingizaji wa bidhaa. Tangu hapo uhusiano wa kiasi ambacho fulani amelipa na barabara anayopita umekatika. Bei imebaki katika ujumla wa jamii, yaani vyote vilivyolipwa kwa vyote vilivyonunuliwa, wala haimo katika risiti ya mtu mmoja.

Mwanafunzi wetu amezitaja huduma tatu kwa pumzi moja, lakini kwa mwenye kuchunguza hazifanani. Barabara ndiyo inayokaribia zaidi bei ya kweli, kwa sababu tozo iliyomo katika mafuta humfanya anayeendesha sana alipe zaidi. Hata hivyo haikamiliki. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibebeshwa uzito maradufu, uharibifu wa barabara huongezeka takriban mara 16, wakati mafuta yanayotumika hayaongezeki hata kwa kukaribia kiasi hicho. Lori lililozidisha mzigo linalipiwa na wenye magari madogo, na mizani ya barabarani ipo kwa sababu hiyo.

Shule ni jambo jingine kabisa. Mtoto asiyelipa anaweza kurudishwa nyumbani, kwa hiyo hoja ya barabara isiyoweza kufungwa haifanyi kazi hapa, na mpinzani mwerevu atalisema hilo. Jibu lake ni kwamba faida ya elimu haimwishii aliyesoma. Anayejua kusoma maelekezo ya dawa au hesabu za chama cha ushirika huwafaa hata wasiokuwa na watoto. Ikiachwa mikononi mwa wazazi peke yao, elimu itanunuliwa kwa kadiri ya mifuko yao na kwa kuangalia faida ya mtoto wao tu, na kiasi hicho kitakuwa pungufu ya kile ambacho jamii nzima ingenufaika nacho.

Katika zahanati mchanganyiko huo uko chini ya paa moja. Kung’olewa jino kunamfaa mwenye jino. Chanjo ya surua inamkinga aliyechanjwa na pia jirani yake mchanga ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa, mradi wanaochanjwa wawe wengi. Shirika la Afya Duniani linataja kiwango cha asilimia 95 kwa dozi mbili ili milipuko izuiwe. Mzazi anayelipia chanjo kutoka mfukoni hulipa kwa ajili ya mwanawe, wala hahesabu kinga anayoipeleka kwa jirani. Kwa maoni yangu huu ndio mfano wenye nguvu kuliko yote katika hotuba hiyo, na mwanafunzi angefanya vizuri kuupa nafasi kubwa zaidi ya barabara.

Linabaki swali ambalo wasikilizaji hawakosi kuliuliza: ikiwa bei imelipwa, mbona barabara ina mashimo na zahanati haina dawa? Hapa mfano wa duka unakoma. Mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu hukirudisha au huhama duka, lakini mlipa kodi hawezi kuzuia malipo yake kwa sababu ya shimo, kwani angekuwa ameturudisha kwenye zile kaya 100 zisizo na barabara. Uwezo wake uko kwingine, katika bajeti, ukaguzi na kura. Atakayetaka kulijibu swali hilo mbele ya hadhira atafute tarakimu tatu kuhusu barabara au zahanati inayolalamikiwa: kiasi kilichoidhinishwa katika bajeti, kiasi kilichotolewa na hazina, na kiasi ambacho ripoti ya ukaguzi inasema kimetumika kwa kazi iliyokusudiwa. Pengo likiwa kati ya ya kwanza na ya pili, huenda makusanyo yalipungua au fedha zilielekezwa kwingine. Likiwa kati ya ya pili na ya tatu, fedha zilifika na zikapotea au zikalala mikononi mwa waliokabidhiwa, na lawama hiyo haimhusu mkwepa kodi.