Mosh haishikilii muunganisho: dhana potofu kuhusu terminali inayovuka mitandao

Msimamizi wa seva anayetoka ofisini Dodoma mchana na kupanda basi la Singida hubadilisha anwani ya IP angalau mara moja kabla hajafika Bahi, kwa kuwa Wi-Fi ya ofisi imebaki nyuma na kompyuta yake sasa inapita kwenye simu. Kikao chake cha SSH, njia ya kawaida ya kuendesha seva kwa terminali ukiwa mbali, hukwama papo hapo, ilhali kikao cha Mosh, programu ya kufanya kazi hiyohiyo, huendelea. Tofauti hiyo imezaa maelezo mengi yasiyo sahihi, na karibu yote yanatokana na kosa moja la msingi, ambalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu anayelielewa hataihitaji sana orodha ya mengine.

Dhana: Mosh ina muunganisho imara ambao haukatiki mtandao unapobadilika.

Ukweli ni kwamba Mosh haina muunganisho wa kukatika. SSH husafiri juu ya TCP, na muunganisho wa TCP hutambuliwa kwa mambo manne: anwani na namba ya mlango ya upande mmoja, pamoja na anwani na namba ya mlango ya upande wa pili. Likibadilika moja kati ya hayo, pakiti zinazofika si za muunganisho ule tena, hata kama zimetoka kwenye kompyuta ileile na kwa mtu yuleyule. Ndiyo maana kuongeza `ServerAliveInterval` kwenye mipangilio ya SSH hakusaidii anwani inapobadilika. Mpangilio huo huzuia ruta kusahau kikao kilichokaa kimya, na huiwezesha SSH kutambua mapema kwamba upande wa pili haujibu, lakini hauwezi kuhamisha muunganisho kwenda anwani mpya.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Mtandao wa simu ukipotea kwa dakika moja kisha ukarudi na anwani ileile, SSH mara nyingi hupona, kwa sababu TCP hurudia kutuma pakiti ambazo hazijathibitishwa. Mtu aliyeona hivyo njiani hudhani SSH nayo inahama mitandao. Haihami, imevumilia ukimya, na kuvumilia ukimya si sawa na kuvumilia anwani mpya.

Tuifuate hali moja hatua kwa hatua. Msimamizi yuko ofisini karibu na Nyerere Square, na ruta ya ofisi inaonekana nje kwa anwani 203.0.113.7. Seva iko 192.0.2.10. (Anwani hizi zimetengwa kwa ajili ya mifano.) Anaanza kurejesha hifadhidata kubwa, na kazi hiyo itachukua saa mbili:

```
mosh msimamizi@192.0.2.10
```

Amri hii kwanza huiita SSH ya kawaida, ambayo humthibitisha mtumiaji kwa nenosiri au ufunguo wake kama siku zote. Baada ya kuingia, SSH huanzisha programu iitwayo `mosh-server` kwa jina la mtumiaji huyo, nayo huchagua mlango ulio wazi wa UDP, itifaki isiyo na muunganisho, na kutoa mstari kama huu:

```
MOSH CONNECT 60001 4NeCCgvZFe2RnPgrcU1PQw
```

Herufi zile 22 ni ufunguo wa siri wa biti 128, uliotengenezwa kwa kikao hicho tu na kupitishwa ndani ya SSH ambamo hakuna wa kuusoma njiani. SSH ikishaukabidhi inafungwa, na kazi yake imekwisha. Kuanzia hapo kompyuta na seva hutumiana pakiti za UDP zilizofichwa kwa AES kwa ufunguo ule, na kila pakiti hubeba namba ya mfuatano inayopanda.

Msimamizi anafunika kompyuta, anakwenda stendi na kuifunua akiwa ndani ya basi, ambako hotspoti ya simu inaonekana nje kwa anwani 198.51.100.41. Mosh upande wake haiulizi ruhusa wala haiingii upya. Inatuma pakiti inayofuata, kwani hata pasipo mtu kubonyeza kitu hutuma ishara kila baada ya sekunde 3 hivi. Seva inaipokea pakiti kutoka anwani ambayo haijawahi kuiona, inaifungua kwa ufunguo, inathibitisha kuwa ni halali, inaona kwamba namba yake ni kubwa kuliko zote zilizotangulia, na kuanzia hapo majibu yote yanakwenda 198.51.100.41. Ni kama mtu anayeitambua sauti ya ndugu yake ingawa amepiga kwa namba ngeni. Pakiti iliyochelewa kutoka Wi-Fi ya ofisi ikifika baadaye, namba yake ni ndogo, hivyo haiwezi kuirudisha seva kwenye anwani ya zamani.

Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT, walioiwasilisha Mosh mwaka 2012, walijenga itifaki yake juu ya wazo hili: pande mbili zinapatanisha hali, hazitiririshi herufi. Seva inajua skrini inapaswa kuonekana vipi sasa, inajua ni hali ipi ya mwisho ambayo upande wa mtumiaji ulithibitisha kuipata, na inatuma tofauti kati ya hizo mbili.

Dhana: kila kilichopita wakati mtandao haupo kitaonyeshwa mtandao ukirudi.

Kosa la dhana hii linafuata moja kwa moja kutokana na wazo hilo la kupatanisha hali. Ikiwa urejeshaji wa hifadhidata umeandika maelfu ya mistari wakati basi liko mahali pasipo mtandao, mtandao ukirudi msimamizi ataona skrini ya mwisho tu, na mistari iliyopita katikati haitatumwa kamwe. Kwa SSH iliyovumilia ukimya, mistari yote ingekuja kwa foleni, jambo ambalo nalo ni mzigo kwenye mtandao dhaifu. Kwa sababu hiyohiyo, kusogeza skrini ya terminali nyuma hakuaminiki ndani ya Mosh hata mtandao ukiwa mzuri. Ujumbe wa kosa uliotokea katikati ya kazi unaweza kupotea bila alama yoyote, kwa hiyo kazi ndefu iandikiwe kumbukumbu kwenye faili la seva, au iendeshwe ndani ya `tmux`, programu inayotunza kikao na mistari yake upande wa seva.

Dhana: ukiwa na Mosh huhitaji tmux.

Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi, na sijui kwa nini miongozo mingi huipita haraka. Kufunika kompyuta si tatizo, kwa sababu programu ya Mosh imelala kwenye kumbukumbu pamoja na ufunguo wake. Lakini betri ikiisha Manyoni na kompyuta ikazimika, ufunguo umepotea, kwa kuwa haukuandikwa popote kwenye diski. Seva haina habari ya kilichotokea. `mosh-server` inaendelea kusubiri na urejeshaji unaendelea ndani yake, ila hakuna tena anayeweza kuufikia. Msimamizi akiingia upya anapata kikao kipya, na seva inaweza kumwarifu kwamba kuna kikao cha zamani kilichoachwa pamoja na namba ya mchakato wake. Namba hiyo inamwezesha kukiua, haimwezeshi kukirudia.

Angeanza hivi, hali ingekuwa nyingine:

```
mosh msimamizi@192.0.2.10 -- tmux new-session -A -s kazi
```

Amri hiyohiyo, ikirudiwa baada ya kompyuta kupata umeme, ingemrudisha kwenye `kazi` kama alivyoiacha. Mosh hulinda dhidi ya kuhama mtandao, na `tmux` hulinda dhidi ya kupotea kwa kifaa cha mtumiaji. Hakuna inayobeba kazi ya mwenzake. Vikao vilivyoachwa navyo hurundikana, kwani kwa kawaida `mosh-server` husubiri bila kikomo. Kigezo cha mazingira `MOSH_SERVER_NETWORK_TMOUT`, kinachoandikwa kwa sekunde, huiamuru ijifunge ikikaa muda huo bila kusikia kitu kutoka kwa mtumiaji. Kisiwekwe kidogo mno, maana anayefunika kompyuta Ijumaa jioni angependa kukikuta kikao chake Jumatatu.

Dhana: SSH ikiingia, Mosh nayo itaingia.

SSH hutumia mlango 22 wa TCP, na Mosh huhitaji UDP katika milango 60000 hadi 61000. Fayawoli ikiruhusu cha kwanza na kuzuia cha pili, nenosiri litakubaliwa kisha skrini itabaki tupu, na juu yake utatokea mstari wa buluu:

```
mosh: Nothing received from server on UDP port 60001.
```

Ukiona maneno hayo mwanzoni kabisa, tatizo haliko kwenye nenosiri wala kwenye kuhama mtandao. Ni UDP imezuiwa mahali fulani. Mstari unaosema `Last contact` ukifuatiwa na idadi ya sekunde ni habari nyingine: mawasiliano yalikuwepo na sasa yamekatika, basi subiri. Kwenye seva inayotumia `ufw`, milango hufunguliwa hivi:

```
sudo ufw allow 60000:61000/udp
```

Kuna wanaoogopa kufungua milango zaidi ya elfu moja. Hakuna kinachosikiliza kwenye milango hiyo ila vikao vilivyopo, kila kimoja kwa ruhusa za mtumiaji wa kawaida, na pakiti isiyo na ufunguo hutupwa. Anayetaka kubana zaidi atafungua michache, kisha ataongeza `-p 60000:60010` kwenye amri ya `mosh`. Ofisi iliyozuia UDP yote haitaisaidia Mosh kwa namna yoyote. Huko Eternal Terminal, inayotumia TCP na kujiunganisha upya yenyewe, inaweza kufaa iwapo mlango wake, ambao kwa kawaida ni 2022, umeruhusiwa.

Dhana: Mosh huongeza kasi ya mtandao.

Inachofanya ni kukisia. Herufi unayobonyeza huonyeshwa mara moja, ikipigiwa mstari chini mtandao ukiwa mzito, hadi seva iithibitishe. Makisio hayaonyeshwi mpaka seva ionyeshe kwamba kweli inarudisha herufi, kwa hiyo nenosiri linaloombwa na `sudo` halitokezi kwenye skrini.

Dhana: pande zote mbili zinaweza kuhama.

Anayehama ni mtumiaji peke yake. Anwani ya seva huchukuliwa mara moja mwanzoni, na seva ikipata anwani nyingine kikao hakitaifuata. Vilevile kikao kilichoanza kwa IPv6 ofisini hakitavuka kwenda hotspoti yenye IPv4 tu, na kuongeza `-4` kwenye amri huondoa shaka hiyo. Seva iliyo nyuma ya mtandao wa nyumbani wenye anwani inayobadilika huwekewa WireGuard, programu ya VPN. Hii nayo humtambua mwenzake kwa ufunguo badala ya anwani, na kwa kuwa anwani za ndani yake hazibadiliki, hata SSH ya kawaida ikipita humo huvuka kutoka Wi-Fi hadi simu bila kukatika. Gharama yake ni kwamba mashine zote mbili lazima ziandaliwe mapema na mtu mwenye ruhusa za juu, ilhali Mosh inatosha kusakinishwa pande zote mbili, hata ndani ya saraka ya mtumiaji mwenyewe.